Mita 20 ziwe 20 kwa kila mkimbiaji

Jaribio la stamina la mbio za kwenda na kurudi alilobuni Luc Léger wa Kanada linategemea umbali mmoja tu: mita 20. Mtoto hukimbia kati ya mistari miwili akifuata milio iliyorekodiwa, na kasi inayotakiwa hupanda ngazi kwa ngazi. Uwanja ukipimwa vibaya, alama zote ni batili, hata watoto wakimbie kwa moyo namna gani.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupima upande mmoja, kisha mstari wa pili kuchorwa kwa kukadiria kwa macho. Mistari hukaribiana upande wa pili, na wa njia ya mwisho akakimbia mita 19.5. Kwenye ngazi ya nane, mlio hutaka kilomita 12 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde 6. Huyu wa mita 19.5 anakwenda 11.7 tu. Tofauti hiyo ya 0.3 inazidi nusu ya ngazi, kwa kuwa kuanzia ngazi ya pili ngazi hupishana kwa 0.5.

Tiba yake ni futikamba ya mita 30. Kamba ya katani huvutika, na hatua za miguu hubadilika. Chora mstatili wa mita 20 kwa 15, kisha pima kona kwa kona. Pande zinazokabiliana zikiwa sawa na vipimo vyote viwili vya mshazari vikitoa mita 25 kamili, kila pembe ni pembe mraba. Upana wa mita 15 unatoa njia 12 za mita 1.25, zinazotosha mtu kugeuka bila kumgonga jirani. Darasa la wanafunzi 60 ligawe makundi matano. Kundi moja likikimbia, jingine linaandika, kila mwandishi na mkimbiaji wake mmoja.

Mwandishi asiachiwe kuhesabu kichwani. Kila mita 20 ni safari moja. Mpe karatasi yenye namba za safari zilizopangwa kwa ngazi, akate moja kila mguu wa mkimbiaji unapofika mstarini kabla ya mlio au pamoja nao. Mkimbiaji akichelewa mara ya kwanza, aonywe. Akichelewa mara mbili mfululizo, anatoka, na safari alizochelewa hazihesabiwi. Kanuni hii isomwe kabla ya kundi la kwanza kuanza, maana baadhi ya shule hutoa mkimbiaji kwa kosa la pili hata kama halikufuatana, na matokeo ya kanuni hizo mbili hayalinganishwi.

Sipendi kabisa kuandika alama kwa nukta. Katika toleo linaloanza na kilomita 8 kwa saa, ngazi tano za kwanza zina safari 7, 8, 8, 9 na 9, jumla 41. Aliyemaliza safari ya kwanza ya ngazi ya sita ana 42. Aliyemaliza ya kumi ana 51. Ukiandika 6.1 na 6.10, kompyuta huzifanya namba moja, na mita 180 za jasho zinapotea. Andika jumla ya safari. Ngazi itasomwa baadaye kwenye jedwali.