Makala za AI na hofu ya kukamatwa

"Nikipandisha makala zilizoandikwa na AI, Google wataiadhibu tovuti yangu?"

Kwa sababu tu mashine ndiyo iliyoandika, hapana. Kwa jinsi wengi wanavyoitumia mashine hiyo, ndiyo, na adhabu yenyewe inaweza kuwa kufutwa kabisa kwenye matokeo. Kila upande wa ubishi huu una ushahidi mkononi, ndiyo maana hauishi.

Wanaoogopa wana sababu. Machi 2024 Google walitangaza kanuni mpya za spamu, na siku hizohizo wamiliki wengi waliamka wakakuta tovuti zao zimeondolewa zote, nyingi zikiwa zimejaa makala za AI. Aliyepatwa na hayo ni rahisi kuamini kwamba kuna chombo kilichonusa maandishi ya mashine. Kisha Januari 2025 mwongozo wa wakadiriaji ubora wa Google, watu wanaolipwa kukagua matokeo ya utafutaji, ulirekebishwa, ukasema ukurasa ambao karibu maudhui yake yote yametokana na AI unaweza kupewa alama ya chini kabisa. Nusu hiyo ya kifungu husambazwa sana. Nusu ya pili, isiyosambazwa, inaweka sharti: iwe maudhui hayo yametengenezwa bila juhudi, hayana jipya wala cha kumwongezea msomaji. Na kifungu hichohicho kinamhusu pia binadamu anayenakili makala ya mwenzake na kubadilisha maneno. Tena alama za wakadiriaji hazishushi ukurasa wako moja kwa moja. Google huzitumia kupima kama mifumo yao inafanya kazi vizuri.

Mimi naona kanuni ya 2024 ndiyo isiyosomwa vizuri. Kabla yake, sera ya Google ililenga maudhui ya spamu yaliyozalishwa na programu. Mwaka huo kifungu kiliandikwa upya, kikaitwa matumizi mabaya ya maudhui ya wingi, na namna ya kuandika ikaondolewa kwenye kosa. Uwe umetumia mashine, vibarua mia au vyote viwili, kosa ni kuzalisha kurasa nyingi kwa lengo la kupanda kwenye matokeo huku msomaji hapati kitu. Februari 2023 Google walikuwa wameshasema kwamba wanathamini maudhui bora kwa namna yoyote yalivyotengenezwa.

Kwa nini wasikamate mashine tu, yaishe? Hesabu inakataa. Januari 2023 OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kigunduzi chao wenyewe cha maandishi ya AI. Kwa takwimu zao, kilitambua 26% ya maandishi ya AI, na kiliyasingizia 9% ya maandishi ya watu kuwa ya mashine. Hiyo 9% inaonekana ndogo mpaka uipeleke kazini. Chukua makala 1,000, ambazo 200 ni za mashine na 800 ni za watu. Kigunduzi kitakamata 52 kati ya zile 200. Kati ya 800 za watu, kitazisingizia 72. Jumla imeshika makala 124, na zaidi ya nusu yake zimeandikwa na watu wasio na hatia! Sasa ipeleke hesabu hiyo kwenye mabilioni ya kurasa. Julai mwaka huohuo OpenAI walikiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Vigunduzi vya baadaye vimeboreka, ila tatizo la kuwasingizia watu halijaisha, na utafiti wa Stanford wa 2023 ulionyesha kwamba wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili ndio husingiziwa zaidi.

Ndiyo maana nasikitika kuona mtu analipia programu ya "kubinadamisha" makala. Programu hiyo hubadilisha maneno mpaka kigunduzi kiseme ni ya binadamu, lakini makala inabaki na habari zilezile ilizokuwa nazo. Mara nyingine inazidi kuwa mbovu, maana neno sahihi limebadilishwa na lingine linalokaribiana nalo tu.

Kigezo cha kwanza kinachoamua kweli ni usahihi, na kukosekana kwake kulionekana CNET, tovuti ya Marekani ya habari za teknolojia, mwanzoni mwa 2023. Ilibainika kwamba walikuwa wamechapisha makala 77 za fedha zilizoandikwa kwa AI, na baada ya kuzikagua wakalazimika kusahihisha 41. Moja ilieleza kwamba ukiweka dola 10,000 kwa riba ya 3% kwa mwaka, mwisho wa mwaka utakuwa umepata faida ya dola 10,300. Faida ni dola 300. Sentensi ilikuwa safi kisarufi, ikapita mikononi mwa wahariri. Kwenye mambo ya fedha na afya, kosa la namna hiyo linagusa kitu ambacho Google wanakiweka juu ya vyote katika vigezo vyao vya uzoefu, utaalamu, mamlaka na uaminifu: uaminifu.

Kigezo cha pili ni kama ukurasa wako una kitu ambacho wengine hawana. Chukua makala ya kubadilisha betri ya laptop. Makala kumi za kwanza zitasema zima mashine, fungua skrubu, chomoa betri, weka mpya. Mashine imejifunza kutoka kwenye makala kama hizo, kwa hiyo itakupa ya kumi na moja. Aliyewahi kufungua laptop anajua kwamba skrubu za kifuniko aghalabu hazilingani urefu, na kwamba ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inaweza kuharibu kilicho chini yake. Atazipanga mezani kwa mpangilio wa matundu yake na kuzipiga picha. Picha hiyo na sentensi mbili za onyo zinatosha kuutofautisha ukurasa, hata kama aya nyingine zote zimeandikwa na AI.

Cha tatu ni tabia ya wasomaji. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google mwaka 2023, ilielezwa mahakamani kwamba mfumo wao uitwao Navboost hutumia mibofyo ya watafutaji ya miezi 13 katika kupanga matokeo. Msomaji akifungua ukurasa wako, akarudi haraka na kubofya wa mwenzako, amekupigia kura ya hapana. Hakuhitaji kujua nani aliandika.

Kama tovuti yako imeshuka, anza na Search Console, zana ya bure ya Google kwa wamiliki wa tovuti, kabla ya kigunduzi chochote. Fungua `Manual actions`. Ukikuta `No issues detected`, hakuna mtu wa Google aliyekuadhibu. Kushuka kwako kumetoka kwenye mifumo, au washindani wamekupita. Halafu nenda `Page indexing`, utazame `Crawled - currently not indexed`. Tuseme ulikuwa na kurasa 60, ukaongeza 900 kwa AI ndani ya miezi miwili, na 700 zimekaa hapo. Google wamezisoma na hawajaona haja ya kuzihifadhi. Kila ukurasa una sababu yake, lakini kwa idadi hiyo angalia kwanza kama kurasa zinarudia habari moja.

Kutoka hapo kazi ni ya mkono. Kurasa tano zinazojibu swali moja ziunganishe kuwa mmoja, na anwani nne zilizobaki zielekeze kwake kwa `301`, yaani uelekezaji wa kudumu. Zisizo na pa kwenda, zifute. Zile chache unazoweza kuzitia picha zako, vipimo vyako au jina la mwandishi anayelijua jambo, zibakize na uzikague tarakimu kwa tarakimu. Usitegemee kupanda wiki ijayo: baada ya kushushwa na sasisho kuu la mifumo, nafuu inaweza kuchukua miezi, na wakati mwingine huonekana sasisho kuu jingine likishapita.