Sleti ya Skiddaw haikuyeyuka
Kuna mwandishi anayedai kwamba sleti ya Skiddaw, mwamba unaopasuka kwa mabamba ulioko kaskazini mwa Uingereza, iliyeyushwa na graniti iliyopenya chini yake ikiwa ya moto. Sikubaliani naye, kwa kuwa joto lilipanga upya madini yake mwamba ukiwa bado mgumu, na ushahidi unaonekana kwa macho: ukitembea kuelekea kwenye graniti, sleti kwanza huonyesha vijiti vya madini ya kiastolaiti, ambavyo vikikatwa vina msalaba mweusi ndani, kisha hujaa madoa, na karibu kabisa na graniti huwa honfelsi, isiyopasuka tena kwa mabamba na inayolia ikigongwa (marimba ya mawe yaliyomo katika makumbusho ya Keswick yalitengenezwa nayo). Kama ingeyeyuka, mpangilio huo wa hatua kwa hatua ungetoka wapi?