Shemeji na mita mbili na nusu

Fundi alimpima mama mkwe gauni la send-ofu, urefu sentimita 140, nyonga pana za heshima, akasema leteni mita mbili na nusu. Shemeji yangu akadakia "mi ndo naenda Kariakoo shem, ukienda we wanakupiga". Haya baba nenda.

Akarudi na pamba ya bluu nzuri kweli, mita mbili na nusu kamili, tena kapunguziwa bei, anatembea utadhani kaleta kombe. Fundi akaikunjua mezani, akavuta futi kukatisha upana, akanyamaza. Inchi 45. Zile mita mbili na nusu alipiga hesabu ya kitambaa cha inchi 60, kile ambacho kipande cha mbele na cha nyuma vinalala pamoja ubavu kwa ubavu, halafu mikono inatoka kwenye urefu uliobaki. Hii ya 45 kwa nyonga za mama ikilala mbele tu basi imejaa, nyuma inabidi ikatwe chini yake, yaani urefu wa gauni mara mbili na mikono bado, hapo ni mita tatu na nusu mpaka nne. Mama akauliza, "kwa hiyo nyuma ntakaa wazi?"

Kurudi dukani jora limeisha. Mama tukamtafutia kitambaa kingine, safari hii upana nikaupima mwenyewe mbele ya muuzaji kabla mkasi haujagusa kitu, na shemeji akasema basi hii bluu nishoneeni shati.

Fundi, mtu wa watu, akamkatia kipande cha pembeni, mraba wa sentimita 20 kwa 20, akaweka alama ya kalamu upande wa urefu maana huko ndo pamba hupenda kurudi, akamwambia kakifue kama unavyofuaga nguo zako, kikauke, pasi, halafu pima. Shemeji akakifutia simu. Kesho yake anasema muuzaji kashamhakikishia hakisinyai, shona tu mi nina mtoko Jumamosi.

Shati likatoka limemkaa hatari! Jumapili likaingia kwenye maji ya moto na sabuni ya unga.

Mi nikakiokota kile kimraba kwenye gari lake, nikakifua. Upana ulikuwa karibu vilevile ila urefu 18 na nusu, yaani kila sentimita 20 imekula moja na nusu. Sasa chukua shati la sentimita 76, toa karibu sita, mikono nayo ikapanda juu ya kifundo. Kavaa hivyohivyo kwenye send-ofu, akawa anapiga makofi mikono imebana mbavuni, mpaka MC alipoagiza mikono juu kwa bi harusi. Mama mkwe akamwangalia pale kiunoni akaniuliza kwa sauti, "huyu alikuwa anachunga bei au anachunga kitovu?"