Wapendwa Wangu Ishirini na Watatu

Mkataba wangu wa kuhariri na kutafsiri ripoti katika shirika moja huko Upper Hill ulikuwa umebakiza wiki 2 kufika tamati tarehe 31 Machi, na kila nilipomuuliza mkubwa wangu habari za kuongezewa muda, alinijibu kwamba suala hilo liko mezani. Aliyefanya kazi za mkataba Nairobi anajua kwamba suala likishawekwa mezani, huwekewa na mafaili mengine juu yake. Kwa hiyo Jumapili moja usiku, nikiwa nyumbani kwangu Umoja, niliamua kuwaandikia barua pepe watu wote niliowahi kuwafanyia kazi, niwajulishe kwamba karibuni nitakuwa huru.

Nilipowahesabu walikuwa 23. Miongoni mwao kulikuwa na mama aliyenisimamia katika mradi wa visima mwaka 2021, ofisi ya mawakili, wachapishaji wawili wasiosalimiana, na bwana mmoja ambaye tangu mwaka juzi ananidai subira huku mimi nikimdai shilingi 38,000. Kumwandikia kila mmoja barua yake niliona ni kupoteza usiku. Niliandika moja, na kwa kuwa nilitaka kila msomaji ajione wa pekee, niliweka katikati yake sentensi ambayo nilijivunia sana wakati huo: «Katika wateja wote niliowahi kufanya nao kazi, hakuna hata mmoja niliyemfurahia kama wewe.»

Kwenye sehemu ya mada niliandika «Habari Njema!» Kisha nikabandika anwani zote 23 katika mstari wa Cc, nikatuma, nikanyanyua kikombe cha chai.

Ni vizuri nieleze tofauti hapa, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeijua kwa miaka mingi bila kunifaa lolote. Anwani zikiwekwa kwenye Bcc, kila mpokeaji huona barua bila kuona wenzake. Zikiwekwa kwenye Cc, kila mmoja huona orodha yote kama majina ya waliochangia harusi. Nilipoliona kosa langu, kitufe cha Undo kilikuwa bado kipo chini ya kioo, lakini Gmail, usipobadilisha mipangilio, hukupa sekunde 5 tu za kujuta. Unaweza kuziongeza hadi 30, jambo nililojifunza usiku huohuo katika sekunde ya sita.

Jirani yangu ambaye ni fundi wa kompyuta nilimgongea mlango saa tano na nusu. Aliniambia akiwa amejifunga shuka kwamba aliwahi kusikia ofisini kwao watu wakiirudisha barua iliyokwisha kutumwa, lakini hiyo ni Outlook, tena hufaulu pale tu mtumaji na mpokeaji wanapokuwa katika shirika moja. Akanitakia usiku mwema, akafunga mlango.

Nikaona dawa ni kuomba radhi haraka. Nilifungua barua yangu mwenyewe, nikabonyeza kujibu wote, nikaandika aya mbili za unyenyekevu nikieleza kwamba kila mmoja alipaswa kuipata barua ile peke yake, nikatuma. Sikuangalia juu. Barua ya kuomba radhi kwa kuwafichua watu 23 iliwafikia watu walewale 23, wote wakiwa wameorodheshwa tena kwenye Cc, safari hii wakiwa na uthibitisho wa maandishi kwamba mpango wangu ulikuwa ni kuwadanganya mmoja mmoja.

Majibu yalianza kuingia kabla sijalala. Mchapishaji wa kwanza aliwajibu wote: «Nimefurahi kujua kwamba mimi na jirani yangu wa hapo chini tunapendwa sawasawa.» Jirani wa hapo chini naye akajibu kwamba yeye amekuwa akipendwa tangu 2019, kwa hiyo asilinganishwe na waliokuja juzi. Wakili, kwa lugha ya upole iliyonifanya nikae kitako, alinikumbusha kwamba nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kwamba anwani ya mtu si jambo la kugawiwa watu 22 wasiomjua. Mteja mwingine, ambaye ni dhahiri aliishia kwenye mada tu, alinitumia shilingi 2,000 kwa simu na ujumbe wa kunipongeza, akaomba nisimuweke kwenye kamati ya harusi kwa sababu ana kamati nyingine tatu. Pesa zile nilizirudisha asubuhi, na gharama ya kuzituma ikawa juu yangu.

Bwana wa shilingi 38,000 hakujibu lolote.

Jumatatu saa mbili asubuhi, nikiwa ndani ya matatu barabara ya Jogoo, yule mama wa mradi wa visima alinipigia simu. Nilitarajia anikemee. Badala yake alicheka hadi abiria aliyeketi karibu nami akatabasamu, kisha akaniuliza kwa sauti ya kazini:

«Kijana, hebu niambie, unapatikana kuanzia lini?»

«Kuanzia tarehe mosi Aprili, Mama.»

«Na unatafuta kazi gani?»

«Kuhariri ripoti, Mama, na kuzitafsiri kutoka Kiingereza.»

«Sasa mbona barua yako haikusema? Nimeisoma yote, na ile ya pili pia. Nimetoka nikijua kwamba unanipenda na kwamba unamshukuru Mungu kwa safari yako. Tarehe sikuiona. Umeandika ‹hivi karibuni›. Nitaiweka wapi hivi karibuni katika bajeti yangu?»

Nilijitetea kwamba kosa lilikuwa ni kuweka anwani kwenye Cc, na kwamba ningetumia Bcc mambo yangekuwa shwari. Alinikatiza. Alisema Bcc ingenifichia aibu tu, barua yenyewe ingebaki haina kazi. Yeye kwa siku ile hakuwa na ripoti ya kunipa, na wengi wa wale 23 huenda hawakuwa nayo pia, kwa sababu ni bahati kubwa barua yako kumkuta mtu wiki ileile anayohitaji mhariri. Ila Alhamisi angekaa kikao kimoja na wakuu wa idara nyingine, na mmoja wao alikuwa akilalamika kuhusu ripoti ya kurasa 60 isiyo na mwenyewe.

«Mimi nilitaka kitu cha kumpelekea,» alisema. «Nibonyeze mara moja, aelewe wewe ni nani bila kunipigia simu. Hii yako nikimpelekea, atadhani nimepata mchumba.»

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nilikuwa nimeandika nikimtazama anayeipokea barua, wakati ajira mara nyingi iko kwa mtu wa pili, yule asiyenijua, atakayeipata ikiwa imepitishwa mkononi mwa yule anijuaye. Mtu huyo hajui mradi wa visima, hajui mzaha wetu wa zamani, na hana muda wa kuuliza. Jioni ile niliacha supu ikapoa, nikaandika upya, na kwa Mama barua ilitoka hivi:

«Mada: Mhariri na mtafsiri wa ripoti, nafasi kuanzia 1 Aprili

Mama, habari za kazi. Mwaka 2021 nilihariri na kutafsiri mwongozo wenu wa utunzaji wa visima, kurasa 84, ukamfikia mpiga chapa siku 2 kabla ya makataa. Mkataba wangu wa sasa unaisha tarehe 31 Machi. Kuanzia tarehe 1 Aprili nitakuwa na siku 4 kwa wiki za kuhariri ripoti au kuzitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Iwapo wewe au mwenzako mna ripoti inayokaribia kukamilika, naomba unijulishe, au umpelekee barua hii kama ilivyo. Nimeambatisha kurasa 2 za sampuli. Nisipokusumbua kwa kufanya hivyo, nitakupigia Jumanne ijayo.»

Iliisha hapo. Mungu sikumtaja, ingawa nilikuwa nikimtaja sana moyoni. Malipo pia sikuyataja, maana sikujua ukubwa wa kazi, na bei inayotangulia kazi humfunga aliyeitaja. Nakiri kwamba ilinichukua muda mrefu kuliko ile ya Jumapili, hasa ile sentensi ya pili, kwa kuwa nililazimika kurudi kwenye mafaili ya zamani nihakikishe kurasa zilikuwa 84 kweli. Kichwani mwangu zilikuwa zimekwisha kufika 120.

Wengine nilianza kuwaandikia moja moja, kila barua ikiwa na sentensi yake ya pili tofauti, kwa siku tatu mfululizo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba watu 7 kati yao sikukumbuka sawasawa niliwafanyia nini, na hao sikuwaandikia, kwa sababu kama mimi sikumbuki, wao watakumbuka nini? Wakili nilimwandikia pia, nikiwa nimeweka anwani yake peke yake, na nikaiangalia mara nne kabla ya kutuma. Alinijibu kwa neno moja: «Afadhali.»

Bwana wa deni nilimruka kabisa. Siku ya Jumatano, hata hivyo, simu yangu ilinguruma: shilingi 38,000 zimeingia, bila salamu. Baadaye nilikuja kuelewa. Katika ile orodha ya Cc alikuwa ameona majina ya watu wawili aliokuwa akiwaomba zabuni, akahofia kwamba siku moja nitabonyeza kujibu wote nikiwa na ankara yake mkononi. Wazo hilo halikuwa limenijia, lakini sikumwondolea hofu.

Mkubwa wangu wa Upper Hill, kwa upande wake, hakuongeza mkataba, na suala langu nadhani liko mezani hadi leo.

Ijumaa niliandikiwa na mwanamke nisiyemfahamu, mkuu wa ile idara yenye ripoti ya kurasa 60. Chini ya ujumbe wake ilikuwapo barua yangu, na juu ya barua yangu mstari mmoja wa Mama: «Huyu anafaa, mpe kazi, usimpe orodha ya anwani.» Aliuliza kama ningeweza kuanza tarehe 7 Aprili, akataja siku 12 za kazi, akaomba nimpe bei. Nilimjibu siku hiyohiyo, tukakubaliana, na mkataba ulipofika ukiwa umetiwa saini, ulikuwa na kibarua kidogo cha kuufuata:

«Karibu sana. Nimeelezwa kwamba nafasi 23 za kwanza zimeshajaa, nami nimeridhika kabisa na ya 24.»