"Slabu Imefikia Asilimia 80" ni Taarifa ya Nini?

"Slabu imefikia asilimia 80." Sentensi hiyo imo kwenye taarifa ya wiki ya jengo moja la ghorofa huku Mbezi, na chini yake kuna ombi la malipo ya awamu ya tatu. Asilimia 80 ya nini? Ya mbao na mirunda iliyosimamishwa, ya nondo zilizofungwa, au ya zege lililomwagwa? Injinia, fundi na mwenye nyumba wanaweza kuisoma sentensi hiyo, kila mmoja akaelewa lake, na wote watatu wakaondoka saiti wameridhika. Hilo linaniudhi, kwa sababu fedha zinatoka na hakuna aliyekagua kitu.

Tatizo linaanzia kwenye neno hatua. Tunasema "hatua ya msingi", "hatua ya lenta", "hatua ya kupaua", na kila moja huchukua wiki kadhaa. Kisha tunachukua neno hilohilo kutaja ile siku ambayo jambo limethibitika. Ofisini nako watu hutamka mailistoni na delivarebo kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi ya kwanza naiita kituo. Daladala imefika Ubungo au haijafika, hakuna kufika kwa asilimia 80. Kituo hakichukui siku wala hakina kazi ndani yake: kina tarehe, na kina jibu la ndiyo au hapana. Delivarebo, yaani kitu cha kukabidhi, ni kingine kabisa. Hicho unaweza kukishika, kukipima au kukisoma, kina mtu anayekitoa na mtu anayekipokea, na mpokeaji ana haki ya kukikataa.

Sasa tuichukue slabu yenyewe. Mikataba mingi midogo hapa Dar huweka kituo kimoja tu: "slabu imemwagwa". Naona hilo ni kosa kubwa kuliko yote, na nitaeleza kwa nini. Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Kama zilipangwa mbalimbali kuliko mchoro, au zimelala juu ya mbao bila kunyanyuliwa, hutajua mpaka siku nyufa zitakapotokea au chuma kitakapoanza kutoa kutu chini ya dari. Kituo kinachokuja baada ya ushahidi kufukiwa hakikagui chochote. Kwa hiyo kituo cha kwanza kiwekwe kabla ya zege, na kiandikwe hivi: "Ruhusa ya kumwaga zege la slabu imetiwa saini na injinia." Bila saini hiyo, mashine ya kuchanganyia zege haiwashwi.

Ili injinia atie saini lazima akabidhiwe kitu, na hapo ndipo maneno ya mkataba yanatakiwa kuwa makali. "Nondo zimefungwa vizuri" haikaguliki, maana "vizuri" ya fundi siyo ya injinia. Tuseme mchoro unataka nondo za milimita 12, kila baada ya milimita 150 pande zote mbili, na zege la milimita 25 chini ya nondo. Basi andika hivyohivyo, taja namba ya mchoro, taja anayekagua, na useme ana saa 24 za kukubali au kukataa kwa maandishi tangu aitwe. Hayo yakikosekana, fundi atasema alikabidhi Jumatatu, injinia atasema hakuitwa, na zege litamwagwa Jumatano kwa sababu kokoto na saruji vimeshafika na vibarua wanasubiri.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Usipime nafasi moja kati ya nondo mbili, maana moja inaweza kuwa sawa kwa bahati. Vuta futi juu ya nafasi kumi mfululizo, usome milimita 1,500, kisha rudia sehemu tatu au nne, hasa katikati ya chumba kikubwa na karibu na bimu. Unene wa nondo upimwe kwa mizani kabla hazijakatwa. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na karibu kilo 10.7. Ukikuta kilo 9, umeuziwa nondo ya milimita 11, na karibu asilimia 16 ya chuma ulichokilipia haipo. Mwisho inama uangalie chini: kila eneo liwe na vile vipande vya zege vinavyonyanyua nondo, na ukikanyaga, nondo zisiguse mbao. Mabomba ya umeme nayo yawe yameshapita, la sivyo fundi umeme atakuja na patasi baadaye.

Kituo cha pili ni "Slabu imekubaliwa", na hapa watu hujidanganya kwenye tarehe. Chukua zege lililomwagwa tarehe 3 Machi. Siku hiyo kinachotakiwa kukabidhiwa ni vipande sita vya mchemraba vya milimita 150, vilivyojazwa kutoka kwenye zege lilelile linalopanda juu, si kutoka kwenye mchanganyiko mzuri uliotengenezwa pembeni kwa ajili ya maabara. Vitatu huvunjwa baada ya siku 7, vitatu baada ya siku 28. Kama zege ni la daraja la 25, yaani linatakiwa kufikia nguvu ya newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba siku ya 28, majibu ya siku 7 kwa saruji ya kawaida hutarajiwa kuwa karibu theluthi mbili ya nguvu hiyo. Yakiwa chini sana, umepata onyo mapema, lakini bado hujapata jibu. Jibu linakuja tarehe 31 Machi. Taarifa inayosema slabu imekamilika tarehe 4 Machi imeripoti kwamba watu walifanya kazi jana, basi. Na mirunda isiondolewe kwa sababu fundi anaihitaji saiti nyingine. Injinia ndiye ataje siku, kwa maandishi.

Najua mafundi watasema siku 28 bila malipo ni nyingi, na kwa hilo wana haki. Gawa awamu: sehemu kubwa ilipwe zege likishamwagwa chini ya ruhusa iliyotiwa saini, na sehemu iliyobaki isubiri karatasi ya maabara. Vilevile nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba asilimia zina mahali pake. Ukipiga plasta mita za mraba 300 kati ya 500, sema asilimia 60, kila mtu anaweza kwenda na futi akahakiki. Lakini slabu haipimwi hivyo. Nondo zote zikiwa tayari na ruhusa haijasainiwa, kituo kimesimama kwenye hapana.

Jambo dogo: kila kitu cha kukabidhi kiwe na mwenyewe mmoja. Kikiwa cha "fundi na msimamizi", si cha mtu.

Na mvua za masika zikiwakuta mbao ziko wazi, au kazi ikirudiwa, tarehe itasogea, hilo halina ubishi. Msiifute ile ya kwanza. Iandikeni pembeni ya mpya, pamoja na sababu: "Ruhusa ya kumwaga: ilipangwa 28 Februari, imesainiwa 2 Machi, nondo za bimu mbili zilirudiwa." Mwenye nyumba aliye mbali na saiti akisoma mstari huo, anajua nini kilikaguliwa, nini kilirudiwa, na kwa nini tarehe ilisogea siku mbili.