Bahari Imesingiziwa

Juzi bando langu la GB moja, nililolinunua kwa 2,000, lilikata kabla sijamaliza kumtumia mteja video mbili za dagaa walioanikwa pale Mwaloni Kirumba. Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zake zote: "Pole sana kaka yangu. Unajua mkongo unatoka baharini, na ninyi Mwanza mko mbali, ndiyo maana gharama iko juu." Nikashukuru, nikakata simu, hasira zikanipanda nikiwa peke yangu kama mwehu.

Mimi nimefukia mkongo, ule waya wa nyuzi za kioo unaobeba intaneti. Kabla ya dagaa nilikuwa fundi wa kuunga nyuzi, yule anayekaa ndani ya hema kando ya barabara na kijimashine cha kuyeyusha kioo, wapita njia wanadhani unauza simu. Kwa hiyo mtu akiniambia bahari ndiyo inayonila, naomba tupige hesabu.

Kampuni ya simu hainunui GB, inanunua upana wa njia. Njia ya Mbps 1, yaani megabiti moja kila sekunde, ikipitisha data mwezi mzima bila kupumzika, usiku na mchana, inabeba GB 324 hivi. Lakini watu hawatumii intaneti saa tisa usiku kama wanavyoitumia saa mbili baada ya taarifa ya habari, na kampuni inalazimika kununua njia ya kutosha kwa ile saa ya msongamano. Kwa hiyo tuseme inayotumika kweli ni asilimia 40. Unabaki na GB 130 kwa kila Mbps.

Sasa tuseme hiyo Mbps 1, kutoka Ulaya hadi mlangoni pa mtambo wa hapa Mwanza, inaigharimu kampuni shilingi 40,000 kwa mwezi. Bei hiyo ni ya mfano tu. Gawa kwa 130. Unapata shilingi 308 kwa GB. Mia tatu na nane! Hiyo ni bahari, ni nchi kavu, ni kila kitu cha njiani. Mimi nililipa 2,000.

Zamani lawama hii ingekuwa na ukweli. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kutua Dar mwaka 2009 na ule wa EASSy kufuata 2010, tulikuwa tunategemea setilaiti, na Mbps 1 ilikuwa inalipiwa maelfu ya dola kwa mwezi. Chukua dola 3,000 kwa shilingi ya wakati ule, gawa kwa GB zilezile 130, utaona GB moja inakaribia shilingi 30,000 kabla hata mnara haujawashwa. Wakati ule ukisema "gharama za nje" nakuelewa. Leo mikongo imeongezeka, 2Africa nao ulifika Dar 2023, halafu bado kisingizio ni kilekile cha enzi za madishi.

Na kama ukaribu na bahari ndio ungekuwa dawa, Djibouti wangekuwa wanaogelea kwenye data. Nchi yenyewe ni kama kituo cha mabasi cha mikongo: inayotoka Asia kwenda Ulaya kupitia Bahari ya Shamu na inayoshuka huku kwetu, mingi inatua pale. Lakini kwa miaka mingi mlango wa kuuzia umekuwa mmoja, kampuni moja ya serikali, na wananchi wake wamezoea kulalamikia bei wakati kioo kinapita chini ya miguu yao. Guinea ya Ikweta nayo ina pwani, ina mkongo, na imekuwa mara nyingi kwenye orodha za nchi zenye data ghali duniani. Mkongo ukitua kwenye mikono ya muuzaji mmoja, bei yake ni ile anayoamka nayo asubuhi.

Sehemu inayouma zaidi ni nchi kavu, na hii ndiyo hawaisemi kwenye simu. Mkongo wa baharini meli inaushusha kilomita elfu kwa elfu na hakuna diwani wa kumwomba kibali. Umeme wa vikuza mawimbi unasukumwa kutoka pwani kupitia mkongo wenyewe. Ukishafika Dar, ndipo kazi inaanza. Kuja Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100: Dodoma, Singida, Shinyanga. Kila kilomita 80 hivi lazima uwe na kibanda chenye mtambo wa kuinua mwanga, na kibanda kinataka umeme, betri, jenereta, mlinzi, na mlinzi anataka mshahara. Unalipia njia kwenye hifadhi ya barabara. Kisha anakuja mkandarasi na kijiko chake kupanua barabara hiyohiyo, ananyofoa nyuzi zote kwa pigo moja, na mimi naamshwa saa nane za usiku kwenda kuunga kwenye tope. Nimeunga sehemu moja mara tatu katika mwaka mmoja. Mara ya tatu yule dereva wa kijiko alinisalimia kwa jina.

Ndiyo maana wenzetu wasio na pwani wanalipa kuliko anayekaa jirani na bahari. Kampuni ya Uganda inabeba gharama ya bahari, halafu ya Mombasa mpaka Malaba, au ya Dar mpaka Mutukula, halafu mpakani inamkuta mtu mwingine mwenye leseni nyingine na bei nyingine. Kilomita ni zilezile, lakini mpaka unaongeza mkono wa kupokea. Dawa pekee niliyowahi kuiona ikifanya kazi ni njia mbili zenye wenyewe tofauti, ili ukimkataa huyu umwendee yule.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bahari ina siku zake. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. SEACOM upande wa Bahari ya Shamu ulikuwa umeshakatika tangu Februari. Hapa Mwanza tulikaa tunaangalia kile kiduara kinazunguka. Bando langu la saa 24 liliisha muda wake katikati ya giza lile, na hakuna aliyenirudishia. Kwa hiyo ndiyo, kampuni yenye akili inalipia njia ya akiba ambayo siku nyingi imelala tu, na hilo liko ndani ya bei. Ila hata ukiirudufu ile 308, haifiki 700.

Kodi? Ushuru wa bidhaa asilimia 17 hivi, juu yake VAT asilimia 18. Kwenye 2,000 yangu ni kama 550. Serikali inakula zaidi ya bahari, tena bila kulowa.

Ukitoa hiyo 550 na ile 308, inabaki 1,100 na ushei. Humo mna minara, dizeli ya mnara wa kisiwani Ukerewe ambao najua si mchezo kuulisha, masafa ya redio, mishahara, mabango, na faida. Mngenionyesha mgawo wa hiyo 1,100, ningenyamaza. Inawezekana kabisa minara ndiyo ghali, na mtu akisema hivyo nitamsikiliza, maana nimewahi kubeba betri za mnara mgongoni kutoka kwenye mtumbwi.

Nilimpigia tena yule kijana jioni, nikamsomea hesabu yote taratibu, mpaka ile 308. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ningependa kujiunga na kifurushi cha wiki.