Mpe fimbo kwanza: utani wa Simba na Yanga na mtu mnayeanza kuchati

Ushauri unaorudiwa sana mjini ni kwamba ukianza kuchati na mtu, mpira, kabila na siasa viweke kando mpaka mzoeane. Siukubali. Watu wawili wa Dar wakiogopa mada hizo zote wanabaki na "mambo" na "umekula?", na kufikia siku ya nne hakuna anayejibu haraka. Mpira tuuguse, ila tujue utani unavyofanya kazi ukiwa wa maandishi.

Kinachofanya utani wa Simba na Yanga usilete ugomvi kijiweni ni kwamba anayetaniwa anakuwa na la kurudisha, na kila aliyepo anajua hivyo. Ukimwita mwenzako kolo, naye atakuita utopolo au chura, mtacheka, kahawa itaendelea. Kwenye simu, na mtu uliyepata namba yake juzi, hicho kitu hakipo bado. Hajui kama anaruhusiwa kukurudishia, hakuoni ukicheka, na wewe hujui kama yeye ni shabiki wa kuvaa jezi tu au ni wa kukosa usingizi timu ikifungwa.

Tuchukue usiku mmoja ambao wengi tunaukumbuka, Novemba 5, 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1. Kijana wa Tabata, Mwananchi damudamu, anachati na dada wa Mbagala aliyefahamiana naye kwenye kikao cha harusi. Dada ameshasema yeye ni Simba. Nusu saa baada ya filimbi ya mwisho kijana anaandika: "Makolo mmelala? Tano zimewaingia vizuri?" Tiki zinakuwa za bluu, jibu haliji. Anatuma stika ya mkono wenye vidole vitano. Kimya. Anamalizia kwa video ya shabiki analia.

Wengi watalaumu neno "makolo", lakini hilo ndilo kosa dogo kuliko yote. Kubwa ni saa. Shabiki aliyefungwa tano hana la kurudisha usiku ule, kwa hiyo utani unakuwa wa upande mmoja, na hapo anasikia kejeli. Kosa la pili ni wingi: ujumbe wa kwanza ulikuwa uchokozi wa kawaida, ila wa pili na wa tatu, bila jibu katikati, vinamwambia kwamba huyu mtu hasomi hali ya mwenzake. Mimi ningeweka kanuni ngumu hapa. Utani mmoja, kisha subiri jibu. Lisipokuja, usiongeze wa pili.

Sasa tuicheze upya. Kijana anaacha usiku upite. Asubuhi anaandika: "Pole na mechi. Mimi ni Yanga, lakini leo sichokozi mtu." Hapo amejitambulisha na amemwachia mwenzake nafasi ya kufungua mlango au kuufunga. Dada akijibu "asante", mada iishe, waongee mengine. Akijibu "ungejaribu ungeniona", mlango uko wazi, na kijana anaandika: "Naogopa, zile tano za 2012 bado zinaniuma." Mei 6, 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0. Kwa sentensi hiyo kijana amemkabidhi dada fimbo ya kumchapia, na dada hatakosa kuitumia. Akishampiga nayo, sasa wako sawa, na hapo ndipo "makolo" linaweza kuandikwa bila madhara.

Mbinu hiyo inageuka vilevile ukiwa wa Msimbazi: zitaje wewe mwenyewe zile 5-1 kabla hajazitaja yeye. Anza kwa kipigo cha timu yako, mwache acheke, kisha uguse cha timu yake. Na mzaha uishie kwa timu, kocha au kipa. "Kipa wenu jana alikuwa mgeni wa nani?" inavumilika. "Ninyi wa Simba akili zenu ndivyo zilivyo" inamhusu yeye aliyeshika simu.

Kujua kama utani umemuudhi si kazi ngumu ukilinganisha majibu yake ya kabla na ya baada. Aliyekuwa anaandika mistari miwili na kukuuliza swali, akaanza kujibu "haya" au "sawa", ameudhika. Kikaragosi cha kucheka kikija peke yake bila neno, mara nyingi ni adabu tu. Anayefurahia utani huwa anaongeza lake.

Ukishamuudhi, tengeneza kwa ujumbe mmoja: "Naona hilo halikukaa vizuri. Samahani, sitalirudia." Usiandike "nilikuwa natania tu", maana hapo unamwambia kosa ni la kwake kutoelewa. Usifute ujumbe ambao ameshausoma, kwa sababu alama ya kufutwa inabaki na itamkumbusha. Kisha acha mpaka kesho, urudi na habari nyingine kabisa.

Utani wa makabila unafuata mantiki hiyohiyo, ila mipaka yake ni ya zamani zaidi na si yako kuipanga. Wapare na Wachaga ni watani, Wanyamwezi na Wazaramo vilevile, Wangoni na Wahehe vilevile. Mtani anaruhusiwa hata msibani kufanya mambo ambayo mwingine angefukuzwa nayo. Kama wewe si mtani wa kabila lake, ruhusa hiyo huna. Na hata kama unayo, wapo wengi waliozaliwa Temeke au Kinondoni, baba wa huku na mama wa kule, ambao hawakulelewa na utani huo. Kwao utasikika kama tusi tupu. Kuuliza "nyumbani ni wapi?" hakuna ubaya. Ubaya ni sentensi inayofuata. Akisema Same, ukajibu "kumbe, basi hapa sitakula kitu", umemwita bahili kabla hujamjua, tena katika siku ambazo kila mmoja anampima mwenzake tabia. Mizaha inayogusa pesa, uchawi, au tabia za wanawake wa kabila fulani iache kabisa kwenye maandishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtukana mtu mtandaoni kwa sababu ya asili au dini yake.

Siasa naitenga na hayo mawili, kwa sababu kwa sasa haina utani. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, unayechati naye anaweza kuwa amefiwa na ndugu, au ana ndugu askari, na hatakwambia wiki ya kwanza. Maoni yako makali unaweza kuwa nayo na usiyaonee aibu, ila anza na jambo mnaloishi wote, kama foleni ya mwendokasi au maji kukatika, na usikilize anavyolieleza kabla hujataja chama. Maneno "ninyi CCM" au "ninyi Chadema" yasitoke kwako. Akikuuliza moja kwa moja uko upande gani, jibu la kweli na fupi linatosha: "Upande ninao, ila hilo napenda tuliongee tukikaa pamoja." Kilichoandikwa kinapigwa skrinishoti na kufika kwenye grupu la familia yake kikiwa hakina sauti yako. Akiendelea kusukuma kwa maandishi baada ya jibu hilo, mpigie simu.